Jina, Kiitikio na Mlo: Nyimbo za Siku ya Mahafali Jukwaani na Mezani



1.0 Utangulizi

Maneno mawili yanayotaja tukio linalozungumziwa katika mhadhara huu, yaani mahafali na mhitimu, yote yana asili ya Kiarabu. La kwanza linahusu mkusanyiko wa watu, na la pili linahusu kufika mwisho wa jambo. Katika mwambao wa Afrika Mashariki kitenzi kuhitimu kilitumika kwa mtoto aliyemaliza kusoma chuoni mbele ya mwalimu wake wa Kurani muda mrefu kabla hakijatumika kwa mwanafunzi aliyevaa joho. Kwa hiyo Kiswahili hakikusubiri chuo kikuu kipate neno la kumaliza masomo. Kilichokuwa kigeni ni jukwaa, pamoja na utaratibu wa kumpitisha mtu juu yake kwa muda uliopimwa.

Siku ya mahafali nchini Tanzania ina vituo viwili vya nyimbo. Cha kwanza ni pale mhitimu anapoitwa na kupita jukwaani. Cha pili ni sherehe ya familia inayofuata, nyumbani au katika ukumbi wa kukodi, ambapo pilau, nyama na keki hupewa nafasi yake. Watu wengi huzichukulia nyimbo za vituo hivi kuwa za aina mbili zisizohusiana. Mhadhara huu unatetea rai tofauti, kwamba ule ni wimbo mmoja wenye urefu wa namna mbili. Jukwaa huukata wimbo huo, na meza huurudishia sehemu iliyokatwa. Anayeijua sehemu hiyo ataelewa kwa nini sherehe nyingine hupwaya hata pale muziki unapokuwa mkubwa na mzuri.

M. M. Mulokozi, katika uainishaji wake wa fasihi simulizi, ameziita tumbuizo zile nyimbo ziimbwazo katika matukio kama vile harusi na ngoma. Nyimbo za mahafali zinaingia katika kundi hilo bila taabu, na nyingi zimeazimwa kutoka katika harusi. Hata hivyo, kuzipa jina la kundi ni hatua ya kwanza tu. Hatua ya pili ni kuuliza wimbo umejengwaje, na muktadha unaufanya nini muundo huo.

2.0 Kipimo cha jukwaa

Muziki unaotangulia mahafali kwa kawaida hauna maneno. Bendi ya matarumbeta hupiga machi wakati maandamano ya wanataaluma na wahitimu yanapoingia, kisha Wimbo wa Taifa unafuata. Machi iliyopata umaarufu mkubwa duniani katika shughuli hii ni Machi Namba 1 ya mtunzi Mwingereza Edward Elgar, iliyopigwa kwa mara ya kwanza mwaka 1901. Uhusiano wake na mahafali ulianzia Marekani mwaka 1905, Elgar alipotunukiwa shahada ya heshima katika Chuo Kikuu cha Yale. Sababu ya kufaa kwa machi za namna hiyo ni ya kiutendaji: sehemu yake inaweza kurudiwa hadi mtu wa mwisho aketi, kisha ikakatwa bila msikilizaji kuona kuwa kuna jambo limepotea. Machi haimtaji mtu yeyote, ndiyo maana inawatosha wote.

Mwambao ulikwisha kuonyesha kuwa machi inaweza kutiwa majina. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni, ameeleza jinsi vikundi vya Afrika Mashariki vilivyochukua gwaride na ala za bendi za kijeshi na kuvitumia katika mashindano yenye nyimbo za Kiswahili. Katika beni mdundo wa miguu ulibaki, lakini juu yake palikuwa na sauti za kusifu, kukejeli na kutaja. Matarumbeta yanayosindikiza harusi na sherehe za mitaani hadi leo yanathibitisha kuwa shaba na jina vinaweza kukaa pamoja. Jukwaa la mahafali haliyakatai majina kwa sababu ya ala zake. Kinachoyazuia ni muda.

Hesabu ifuatayo inatosha kulidhihirisha jambo hilo. Chukua mstari wa mizani 8 unaoimbwa kwa mwendo wa mizani 2 kwa sekunde. Mstari huo unachukua sekunde 4, na kiitikio chenye mizani 8 kinachukua sekunde 4 nyingine, hivyo jumla ni sekunde 8. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi 14. Kundi la watu 14, kila mmoja akiimbiwa mstari mmoja na kiitikio chake, lingetumia sekunde 112, yaani chini ya dakika 2. Kundi la wahitimu 600 lingetumia dakika 80. Kila mmoja akiimbiwa mistari minne na viitikio vyake, wale 14 wangemaliza kwa dakika 7 na nusu hivi, ilhali wale 600 wangehitaji saa 5 na dakika 20. Hii ndiyo sababu katika vyuo vingi vyenye wahitimu wengi shahada za kwanza hutunukiwa kwa kundi, na wa shahada ya uzamivu huitwa mmoja mmoja. Katika shule, ambako idadi ni ndogo, kila mtoto huweza kuitwa mbele na jamaa zake wakamfuata kumtunza.

Ndani ya sekunde hizo 8 familia hufanya nini? Haiimbi mstari mzima. Msoma majina anapotamka jina, upande mmoja wa uwanja hulipuka kwa vigelegele na jina lile lile huitwa tena, pengine na neno la pongezi, kisha jina la mhitimu mwingine linasomwa na upande mwingine unalipuka. Kwa kulitazama juu juu mtu angesema hapo hakuna wimbo. Lakini ukiangaliwa muundo wake, wimbo upo na umekamilika: msoma majina ametoa sauti ya kwanza, na familia imeitikia. Ofisa yule, pasipo kukusudia, amekuwa kiongozi wa wimbo wa watu 600 wanaofuatana. Vigelegele vinafaa kuwa kiitikio cha mahali hapo kwa sababu vinaweza kukatishwa wakati wowote. Havina neno ambalo litabaki nusu.

3.0 Nafasi ya jina katika mstari

Ili kuona kilichokatwa, ni vyema kuutazama wimbo ukiwa mzima. Mistari ifuatayo imetungwa kwa ajili ya mhadhara huu kwa kufuata kanuni za wimbo wa kuitikiana, na wala si nukuu ya wimbo wowote uliopo:

Kiongozi: Rehema leo kafika
Wote: Kafika, tushangilie

Mstari wa kiongozi una mizani 8: tatu za jina, mbili za leo, na tatu za kafika. Umbo kafika hapa lina maana ya amefika. Ni umbo la mkato linalosikika katika mazungumzo na katika lugha ya ushairi, na lisichanganywe na -ka- ya mfululizo wa matukio. Sasa aitwe mhitimu mwingine. Jina Asha lina mizani mbili, na likiwekwa palepale mstari utapungua. Kiongozi mzoefu hataliburuta jina. Atabadili kitenzi: Asha leo amefika, na mizani 8 zinatimia. Jina Mwanaidi lina mizani nne, hivyo leo linaondoka na kitenzi kinabaki kamili: Mwanaidi amefika. Jina Emanueli lina mizani tano, na hapo leo linaondoka na kitenzi kinafupishwa: Emanueli kafika. Majina manne ya urefu tofauti yameingia katika mstari mmoja, na kiitikio hakikuguswa.

Kwa mwanaisimu, mfano huu una funzo kuhusu vibadala vya sarufi. Ka- na ame- kwa kawaida hujadiliwa kama suala la lahaja au la rejista: umbo moja la mazungumzo au la shairi, jingine la maandishi sanifu. Katika wimbo wa papo kwa papo vibadala hivyo ni akiba ya mizani. Mwimbaji anahitaji maumbo yote mawili kwa sababu hajui jina litakalokuja.

Jambo la pili ni mkazo. Mkazo wa neno la Kiswahili huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho: Asha una mkazo katika silabi ya kwanza, Rehema katika ya pili, Mwanaidi katika ya tatu, Emanueli katika ya nne. Noti ndefu ya lahani inapaswa kuifuata silabi hiyo. Kiongozi akiing'ang'ania noti ndefu mwanzoni mwa mstari, jina Asha litasikika vizuri lakini Rehema litageuka kuwa sauti isiyotambulika upesi. Dalili ya kosa hili ni kwamba waitikiaji huchelewa. Wanakuwa wanalitafuta jina wakati walipaswa kuwa wameanza kuitikia.

4.0 Wimbo mezani

Sherehe ya familia huwa na mpangilio unaojulikana. Mhitimu huingia akisindikizwa, wageni wakiwa wamesimama. Watu hutambulishwa. Keki hukatwa, na mhitimu huwalisha wazazi, walezi na ndugu. Baadhi ya familia, hasa zenye asili ya Kilimanjaro, huweka ndafu mahali pa keki au pamoja nayo. Kisha jamaa hupanga foleni ya kutunza: bahasha, mashada, vitenge na khanga. Chakula hufuata, na muziki wa kucheza huja mwishoni. Nyimbo zenye majina hukaa katika hatua tatu, yaani kuingia, kulishana na kutunza. Hazikai wakati wa kula, kwa sababu iliyo wazi: kinywa chenye pilau hakiitikii. Mshereheshaji anayeruhusu sahani zigawiwe kabla ya kutunza atapata kiongozi anayeimba peke yake.

Hapa ndipo wimbo unapopata urefu wake:

Kiongozi: Rehema leo kafika
Wote: Kafika, tushangilie
Kiongozi: Mama aliyemlea
Wote: Kafika, tushangilie
Kiongozi: Mjomba aliyelipa
Wote: Kafika, tushangilie
Kiongozi: Shangazi aliyepika
Wote: Kafika, tushangilie

Kila mstari unabeba mizani 8, na kuanzia mstari wa pili wa kiongozi kuna muundo mmoja: jina la udugu, kisha kitenzi chenye kirejeshi -ye- kinachoeleza alichotenda mtu huyo. Sarufi ya kirejeshi ndiyo sarufi ya shukrani. Mtu hatajwi tu kuwa mjomba, bali anatajwa kwa tendo lake. Jina la udugu bila tendo lingekuwa utambulisho, na tendo bila jina la udugu lingekuwa hesabu ya madeni.

Lakini jambo kubwa zaidi liko katika kiitikio ambacho hakikubadilika hata silabi moja. Katika mstari wa kwanza, kafika inamrejelea Rehema. Waitikiaji wanaporudia kafika baada ya Mama aliyemlea, kitenzi hicho kinampata nani? Kiswahili hakitofautishi jinsia ya mtendaji katika kitenzi, na majina ya watu wote katika ngeli ya kwanza yana upatanisho mmoja. Kwa hiyo hakuna kitu katika sarufi kinachozuia mama awe ndiye aliyefika. Mstari wa kiongozi umemweka mbele kama kiini cha mazungumzo, na kiitikio kinamtamkia kuwa safari ile ni yake pia. Mjomba naye anafika, kisha shangazi. Mtu mmoja amevaa joho, ila kwa mujibu wa wimbo waliofika ni wanne.

Rai hii inaweza kupimwa kwa kubadilisha kiambishi kimoja. Kiitikio kingekuwa Umefika, tushangilie, nafsi ya pili ingemfunga mhitimu peke yake, na mistari ya mama na mjomba ingeonekana kuwa imekatiza mazungumzo. Jukwaani nafsi ya pili ndiyo inayofaa, kwa kuwa anayepongezwa ni yule anayepita na hakuna mwingine. Mezani nafsi ya tatu umoja inahitajika, kwa kuwa ni nafasi wazi inayoweza kujazwa na mtu yeyote atakayetajwa. Hii ndiyo sehemu ambayo jukwaa liliikata: siyo furaha, wala siyo jina la mhitimu, bali nafasi ya majina ya wengine.

5.0 Panapoharibika

Yapo makosa matatu yanayojirudia, na kila moja lina dalili yake.

La kwanza ni kuipeleka meza jukwaani. Familia yenye kwaya nzuri huanza mstari kamili wa kiongozi baada ya jina kusomwa. Sekunde 8 zinakwisha kabla kiitikio hakijaisha, na jina linalofuata linasomwa ndani ya kelele. Anayedhulumiwa ni mhitimu wa pili, ambaye anapita bila jamaa zake kulisikia jina lake. Kwa kuwa msoma majina ndiye kiongozi wa wimbo wa mahali hapo, kuanzisha mstari mwingine ni kumnyang'anya sauti ya kwanza.

La pili ni kuazima wimbo wa harusi bila kuukagua. Lahani huhamishika kwa urahisi, ila maneno hayahamishiki yote. Nyimbo nyingi za kumsindikiza bibi harusi zina mistari ya kuaga: binti anaondoka, nyumba inabaki na pengo, mama anausiwa asilie. Mstari wa namna hiyo ukiimbiwa mhitimu anayeingia ukumbini, mwelekeo wa wimbo unapingana na mwelekeo wa miguu yake: wimbo unamtoa ilhali yeye anarudi. Dalili yake ni kiitikio kinachodhoofika na kicheko kinachozuka pembeni. Dawa ni ndogo: vitenzi vya kuondoka vibadilishwe kuwa vya kurudi na kufika, na lahani iachwe kama ilivyo.

La tatu ndilo zito. Katika kumbi nyingi hatua ya kutunza sasa huendeshwa kwa wimbo wa pongezi uliorekodiwa. Rekodi ina lahani nzuri na waimbaji hodari, lakini mistari yake ya kiongozi ilijazwa siku iliporekodiwa. Haina mahali pa kumtia mjomba aliyelipa. Mshereheshaji hujaribu kuliziba pengo kwa kutangaza majina juu ya muziki, na hapo hutokea jambo la kustaajabisha: sauti moja inasoma majina kwenye kipaza sauti, watu wanapita mmoja mmoja, na wengine wanashangilia. Ukumbi umekuwa jukwaa la pili. Sehemu ile ile iliyokatwa asubuhi kwa sababu ya muda imekatwa tena jioni, wakati muda upo tele.

Athari yake haiishii katika sanaa. Mtu ambaye mchango wake ulipaswa kutajwa katika mstari sasa anatambuliwa kwa bahasha yake tu. Shangazi aliyeamka usiku kupika, na asiye na bahasha, hana mlango wa kuingilia katika rekodi. Katika wimbo wa kuitikiana tendo lake lina mizani 8 sawasawa na za mjomba aliyelipa ada, na linaitikiwa kwa sauti ile ile. Usawa huo haukutungwa na mshairi yeyote. Unatokana na mstari kuwa na urefu mmoja kwa wote.

Rekodi haina haja ya kufukuzwa ukumbini. Palipo na dijei, inatosha ashushe sauti au aache mdundo wa ala peke yake wakati wa kutunza, ili kiongozi mwenye kuwajua jamaa achukue sauti ya kwanza. Kiongozi huyo apewe mapema orodha ya wanaostahili kutajwa pamoja na matendo yao, kwani lawama nyingi za baada ya sherehe hutokana na jina lililosahaulika. Hata hivyo wimbo wenyewe una njia ya kujirekebisha: aliyeachwa, au jirani yake, anaweza kuingia na mstari wake mwenyewe, na waitikiaji watampokea kwa kuwa kiitikio hakichagui. Kiongozi anayesikia sauti mpya imeingia hapaswi kuizima. Ameonyeshwa upungufu wa orodha yake.

6.0 Hitimisho

Mwanafunzi anayetaka kuzikusanya nyimbo hizi kwa ajili ya utafiti hana budi kuzingatia matokeo ya uchambuzi huu. Kuandika maneno peke yake hakutoshi. Ukurasa wenye kiitikio cha kafika mara nne utaonekana kuwa na marudio tu, na mhariri anaweza hata kuyafuta na kuandika kuwa kiitikio kimerudiwa. Kwa kufanya hivyo atakuwa amefuta waliofika watatu. Kando ya kila mstari paandikwe nani aliuimba, nani alitazamwa au kuoneshwa kwa mkono, nani alisogea mbele, na alitoa au alipokea nini. Jukwaani, kinasa sauti kiwekwe karibu na familia, mbali na spika, la sivyo kitakachonaswa ni sauti ya msoma majina bila kiitikio chake. Mezani, kurekodi kuanze kabla ya mhitimu kuingia na kusisimamishwe mpaka sahani ya kwanza itakapogawiwa. Baada ya hapo ala zitaendelea, na watu watacheza mpaka usiku, lakini orodha ya waliofika itakuwa imekwisha kufungwa.